Wakala anakuletea wasifu usiofaa? Namna ya kumwandikia barua ya kufafanua sifa za lazima

Mameneja wenzangu hunipigia simu na swali lile lile: "Tumempa wakala wa ajira kazi, tangazo limetoka, wasifu umekuja rundo zima, lakini nikisoma sioni hata wa kumwita kwenye usaili. Nimwandikie nini?" Wengi wanataka maneno makali. Mimi huwaambia waandike barua ya ukurasa mmoja au mmoja na nusu, yenye jambo moja ndani yake: kati ya sifa zote zilizomo kwenye tangazo, zipi mtu asipokuwa nazo hatufai kabisa, na wakala atazitambuaje.

Kwa wakala, anayesoma wasifu kwanza mara nyingi si mhasibu wala fundi wa kazi yako. Ana tangazo lako mkononi na analinganisha maneno. Tangazo likiwa na sifa 11 zilizopangwa kama zina uzito mmoja, aliyegusa sifa tisa atapita, hata kama mbili alizokosa ndizo kazi yenyewe. Hapo wakala hajazembea, amefanya ulichomwandikia.

Nitatumia mfano wa nafasi niliyoijaza mwenyewe: mhasibu wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Dar es Salaam, lenye ghala moja la saruji, nondo na mabati. Wakala alituletea wasifu 42. Tuliowaona wanafaa walikuwa watatu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Tangazo lenyewe kama lilivyotoka, neno kwa neno.
- Wasifu wote ulioletwa, hasa ule ulioukataa.
- Mtu atakayefanya kazi na huyo mwajiriwa kila siku. Kwetu alikuwa mhasibu mkuu, pamoja na mtunza ghala.
- Mkataba wenu na wakala, uone unasemaje kuhusu kubadili sifa katikati ya kazi.
- Kiwango cha mshahara kilichokwisha kuidhinishwa.
- Nusu siku isiyo na simu wala vikao.

Hatua ya 1: Uandikie kila wasifu sababu ya kukataliwa

Chukua rundo lote, na juu ya kila wasifu andika sababu moja ya kweli iliyokufanya uuweke pembeni. Usiandike "hafai". Andika "hajawahi kuwasilisha ritani ya VAT mwenyewe", au "uzoefu wake ni wa keshia". Kisha gawa mafungu kwa sababu.

Kwetu, waombaji 17 hawakuwahi kushika ritani za VAT mikononi mwao. Wengine 11 walikuwa makeshia wa benki na maduka, na miaka yao ilihesabiwa kama uzoefu wa hesabu. Sita walikuwa na CPA(T), cheti cha juu cha uhasibu kinachotolewa na bodi ya NBAA, na walitaka mshahara ulio karibu mara mbili ya tuliokuwa nao. Watano tuliwakataa kwa sababu hawakuwahi kutumia programu ya hesabu ya Tally.

Fungu hilo la mwisho ndilo lililonisimamisha. Wote watano walikuwa wametumia programu nyingine za hesabu kwa miaka. Mhasibu mkuu akaniambia mtu wa namna hiyo anaizoea Tally ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo hapo kosa halikuwa la wakala, lilikuwa letu. Ukifanya hatua hii kwa uaminifu utakuta fungu kama hilo, na ni afadhali uligundue wewe kabla hujaandika barua ya kumlaumu mtu.

Hatua ya 2: Muulize atakayefanya naye kazi, tena kwa kazi za mwezi mzima

Usimuulize "unataka mtu wa sifa gani?" Ukiuliza hivyo atakutajia shahada na miaka. Muulize: "Mwezi uliopita, mtu wa nafasi hii angekuwa anafanya nini tarehe 5? Tarehe 18 je? Siku ya mwisho wa mwezi?"

Mhasibu mkuu wetu alijibu hivi. Wiki ya kwanza ya mwezi, kulinganisha daftari letu na taarifa za benki mbili pamoja na fedha zilizoingia kwa lipa namba. Kabla ya tarehe 20, ritani ya VAT iwe imekwisha kwenda TRA, na kabla ya hapo mauzo yawe yamelinganishwa na ripoti za Z, yaani majumuisho ya mauzo ya siku yanayotolewa na mashine ya risiti ya EFD. Mwisho wa mwezi, kwenda ghalani kuhesabu mzigo na mtunza ghala. Mtunza ghala naye akaongeza la kwake: aliyepita alikuwa haji ghalani, alisubiri karatasi ofisini, na mifuko ya saruji iliyopasuka ikawa inaonekana kwenye hesabu kama mizima.

Sasa linganisha na tangazo letu. Lilidai shahada ya uhasibu, CPA(T), uzoefu wa miaka 5, Tally, ujuzi wa kodi, Kiswahili na Kiingereza fasaha, leseni ya udereva, umri usiozidi miaka 35, kuishi Dar es Salaam, uaminifu, na "uwezo wa kufanya kazi kwa shinikizo". Ghala halikutajwa hata mara moja. Benki pia haikutajwa. Na CPA(T) ilitoka wapi? Tangazo lilinakiliwa kutoka lile la mhasibu mkuu la miaka mitatu nyuma, na hakuna aliyeifuta.

Hatua ya 3: Pitisha kila sifa kwenye maswali matatu

Kwa kila sifa uliyoiandika, jiulize:

1. Nikikosa mtu mwenye sifa hii, niko tayari kuiacha nafasi wazi mwezi mwingine?
2. Mtu mwenye akili ya kazi hawezi kujifunza jambo hili ndani ya muda wa majaribio?
3. Wakala anaweza kuithibitisha sifa hii kabla ya kuniletea jina?

Ikijibiwa "ndiyo" mara tatu, hiyo ni sifa ya lazima. Ikikwama kwenye swali la kwanza au la pili, ni sifa ya nyongeza, au haina kazi kabisa. Ikikwama kwenye la tatu tu, ni jambo la kupima wewe mwenyewe kwenye usaili. "Uaminifu" ni mfano mzuri: tunautaka sana, lakini hakuna anayeandika kwenye wasifu wake kwamba si mwaminifu. Ukiuweka kwenye orodha ya wakala unamjazia karatasi bure. Utafute kwa kuwapigia simu waajiri wa zamani.

Kwetu zilibaki sifa nne. Nakushauri usivuke tano. Ukiona unazo nane za lazima, rudi kwenye swali la kwanza ulijibu tena bila haraka.

Angalizo kuhusu miaka ya uzoefu. Miaka ndiyo sifa inayopotosha kuliko zote. "Miaka 5" ilitupa keshia wa miaka saba na ikamnyima nafasi kijana aliyefanya kazi hiyo hiyo yetu kwa miaka miwili. Badala ya kutaja miaka, taja kazi na mara ngapi ameifanya. Ritani ya VAT ni ya kila mwezi, hivyo aliyeishika miezi 12 mfululizo ameshapita mwezi mzuri na mwezi mbaya.

Hatua ya 4: Igeuze kila sifa ya lazima kuwa kitu kinachoonekana

Hapa ndipo barua nyingi zinapofeli. Meneja anaandika "awe na ujuzi mzuri wa kodi", wakala anasoma wasifu wenye maneno "ujuzi mzuri wa kodi", anaupitisha. Mpe wakala vitu viwili kwa kila sifa: kinachopaswa kuonekana kwenye wasifu, na swali moja la kumuuliza mwombaji kwa simu, pamoja na jibu linalotarajiwa.

Kwa VAT tuliandika hivi. Kwenye wasifu: jina la mwajiri, aina ya biashara, na muda ambao mwombaji aliandaa ritani mwenyewe. Swali la simu: "Kabla ya kuwasilisha ritani ya mwezi, unalinganisha nini na nini, na mwisho ni tarehe ngapi?" Aliyewahi kuifanya anajibu bila kusita kwamba analinganisha mauzo ya daftari na ripoti za EFD, anahakikisha manunuzi yana risiti za EFD, na mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ambaye alikuwa akiwapelekea wengine karatasi ataanza kueleza maana ya VAT na kwamba ni asilimia 18. Afisa wa wakala hahitaji kujua uhasibu ili kusikia tofauti hiyo.

Swali lisiwe la mtego wala la kitabuni. Liwe la jambo ambalo mtendaji halisahau kwa sababu analifanya kila mwezi.

Hatua ya 5: Taja mshahara, mahali na saa

Wale sita wenye CPA(T) wasingefika mezani kwangu kama wakala angejua kiwango cha mshahara. Hata kama hutaki kukitangaza hadharani, mpe wakala. Mwambie pia kazi iko wapi hasa. Kuandika "Dar es Salaam" hakutoshi: mtu wa Bunju na kazi ya Mbagala ni safari ya saa nyingi kwa siku, na ataacha kabla mwezi wa tatu haujaisha. Kama kuna Jumamosi ya kuhesabu mzigo, iseme.

Hatua ya 6: Futa yasiyohusu kazi, na utaje kwamba umeyafuta

Ukiacha tu kuitaja sifa ya zamani, wakala ataendelea kuitumia, kwa kuwa bado imo kwenye tangazo. Andika wazi: "sifa hizi zisitumike tena."

Umri wetu wa miaka 35 ulikuwa miongoni mwa hizo, na hapa kuna sheria. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, ukiwemo umri, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, kabila na dini. Kifungu hicho hicho kinamhesabu wakala wa ajira kuwa mwajiri na mwombaji kazi kuwa mwajiriwa, na kinagusa hata matangazo na vigezo vya kuchagua watu. Sharti linalotokana na asili ya kazi yenyewe linaruhusiwa, lakini kulinganisha taarifa za benki hakuhitaji umri fulani. Ukimnong'oneza wakala kwa simu "tuletee vijana tu", hujajikinga na lolote, umemwingiza na yeye.

Angalizo kubwa. Kama barua yako inalegeza sharti lililokuwa kwenye tangazo, kwa mfano kutoka shahada hadi stashahada, basi kuna watu waliolisoma tangazo wakaacha kuomba. Mwombe wakala afanye mawili: alitoe tangazo upya lenye sifa mpya, na aurudie wasifu alioukataa mwenyewe kabla haujakufikia. Kwetu hili lilikuwa na uchungu wake. Mtunza ghala alikuwa anamfahamu dada mmoja mwenye stashahada, aliyeshika VAT na ghala la vipuri kwa zaidi ya miaka miwili. Alikuwa ameomba. Wakala alimtoa siku ya kwanza kwa kukosa shahada, wala hakuwa na namna ya kujua kwamba tungemtaka.

Hatua ya 7: Andika barua

Lugha iwe ya adabu na ya moja kwa moja. Usianze na malalamiko. Yule afisa atakayeisoma ndiye atakayekuchagulia watu kesho. Hii ndiyo tuliyoandika, nimeondoa majina na mahali pa kazi tu:

> YAH: UFAFANUZI WA SIFA ZA LAZIMA, NAFASI YA MHASIBU
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Tunashukuru kwa wasifu 42 mliotuletea. Baada ya kuupitia tumeona kwamba tangazo letu halikutofautisha sifa za lazima na za nyongeza, na baadhi ya sifa hazikuhusu nafasi hii. Tunaomba kuanzia sasa mtumie maelezo yafuatayo.
>
> A. Sifa za lazima. Akikosa hata moja, tafadhali msimlete.
>
> 1. Ameandaa na kuwasilisha ritani za VAT yeye mwenyewe kwa miezi 12 mfululizo au zaidi. Wasifu uonyeshe mwajiri, aina ya biashara na muda. Swali la simu limeambatishwa.
> 2. Amefanya usuluhishi wa hesabu za benki kila mwezi, kwa akaunti mbili au zaidi. Uzoefu wa keshia peke yake hauhesabiki.
> 3. Amefanya kazi kwenye biashara yenye bidhaa ghalani na ameshiriki kuhesabu mzigo yeye mwenyewe.
> 4. Ana stashahada au shahada ya uhasibu.
>
> B. Sifa za nyongeza. Zitumike kupanga nani aanze, zisitumike kumtoa mtu. Kwa mpangilio huu: ametumia Tally, amefanya biashara ya vifaa vya ujenzi, amesajiliwa na NBAA katika ngazi yoyote.
>
> C. Sifa zisizotumika tena. CPA(T), uzoefu wa miaka 5, umri, leseni ya udereva, Kiingereza fasaha.
>
> D. Masharti ya kazi. Mshahara ni kati ya shilingi 900,000 na 1,200,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ghalani. Tafadhali hakikisheni mwombaji ameyakubali haya kabla ya kutuletea jina lake.
>
> E. Namna ya kuleta. Majina yasiyozidi sita kwa awamu. Juu ya kila wasifu kuwe na mistari minne, mmoja kwa kila sifa ya sehemu A, ikieleza mmeithibitisha vipi. Sisi tutawajibu ndani ya siku mbili za kazi, kwa kila jina na sababu yake.
>
> Kwa kuwa sharti la elimu limelegezwa, tunaomba tangazo litolewe upya na waombaji mliowatoa awali kwa kukosa shahada au CPA(T) waangaliwe tena.

Sehemu E ndiyo iliyobadilisha kazi kuliko nyingine yoyote. Afisa akilazimika kuandika mistari minne, anampigia mwombaji simu. Na akimpigia, nusu ya wasiofaa hawafiki kwako. Lakini ahadi ya siku mbili ni deni lako. Ukichelewesha majibu wiki, wakala ataacha kuandika ile mistari, na utakuwa huna la kumwambia.

Hatua ya 8: Piga simu baada ya barua

Omba kuzungumza na afisa anayesoma wasifu. Ukiishia kwa meneja wa wakala anayekuhudumia tu, ujumbe unaweza usimfikie anayeufanyia kazi. Chukueni wasifu mmoja uliokataliwa, mpitie pamoja sifa A1 hadi A4, na umwache yeye aseme anapita au hapiti. Kwetu dakika 20 zilitosha, na hapo ndipo nilipogundua kwamba neno "usuluhishi" alilielewa kama kusuluhisha migogoro na benki. Tukaongeza maneno: "kulinganisha daftari la kampuni na taarifa ya benki."

Mambo yakienda kombo

*Sasa wasifu hauji kabisa.* Subiri siku tano za kazi, kisha muulize wakala ni sifa ipi inayotoa watu wengi zaidi. Ikiwa ni moja, irudishe kwenye maswali matatu ya hatua ya 3. Ikiwa ni mshahara, sifa hazina kosa. Nenda kwa mwenye bajeti.

*Wasifu unakuja ukiwa na maneno ya barua yako, neno kwa neno.* Wakala amewatumia waombaji sehemu A nao wameinakili. Angalia kama waombaji watatu wameandika sentensi inayofanana. Mwambie wakala sehemu A ni ya kwake, na swali la simu lisitoke ofisini kwake. Badilisha swali.

*Mistari minne ipo lakini haina kitu: "Ndiyo, ana uzoefu."* Rudisha majina yote ya awamu hiyo bila kuyasoma, na umtumie mstari mmoja ulioandikwa vizuri kama mfano: "VAT: duka la vipuri, Januari hadi Desemba, alitaja ripoti za Z na tarehe 20 mwenyewe."

*Bosi wako anarudisha sifa uliyoifuta.* Mwonyeshe mafungu ya hatua ya 1. Nilipomwonyesha mkurugenzi wetu fungu la wale sita pamoja na mshahara waliotaka, aliifuta CPA(T) kwa kalamu yake.

*Wakala anasema kubadili sifa ni kazi mpya, na anataka malipo mapya.* Soma mkataba. Kufafanua sifa zilizokuwepo na kuongeza mpya ni mambo mawili tofauti. Kwenye barua yetu sifa za benki na ghala zilikuwa mpya kweli, na tulikubali kuongezewa wiki mbili kwenye muda wa kukamilisha, bila nyongeza ya fedha.

*Umekwisha kuajiri na bado una wasifu wa wengine.* Hizo ni taarifa binafsi za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu. Usiusambaze kwa mameneja wenzako kwenye makundi ya WhatsApp, hata kwa nia ya kumsaidia mwombaji. Mkubaliane na wakala kwa maandishi nani anautunza, kwa muda gani, na lini unafutwa.